Ritifaa ya Hanang’

Jina la wilaya ya Hanang’, mkoani Manyara, mara nyingi huandikwa likiishia kwa ritifaa. Alama hiyo ndogo inamwambia msomaji kwamba neno halifungwi kwa ng ya ngoma, linafungwa kwa ng’ ya ng’ombe. Katika karatasi haichukui nafasi ya kutajika. Ndani ya kompyuta inaweza kuchukua nafasi ya herufi tatu, na hapo ndipo nimeona watu makini, waliohesabu kila kitu, wakikesha wakitafuta kosa wasilolielewa.

Tuchukue kazi ya kawaida kabisa. Kuna orodha ya majina ya halmashauri inayotakiwa kuingizwa kwenye kanzidata, yaani ghala la taarifa lililopangwa kwa safu na mistari kama daftari la mahudhurio. Safu ya jina ilitengenezwa zamani, na aliyeitengeneza aliipa upana wa 32. Katika orodha kuna jina hili: Halmashauri ya Wilaya ya Hanang’. Lihesabu polepole, pamoja na nafasi kati ya maneno na ritifaa ya mwisho, utapata 32 kamili. Jina linatoshea kama kifuniko na chungu chake. Lakini kanzidata ya Oracle inalikataa na kutoa ujumbe unaoishia hivi:

```
ORA-12899: value too large for column ... (actual: 34, maximum: 32)
```

Inasema jina lina 34 na mwisho ni 32. Mtu anahesabu upya kwa kidole, anapata 32 tena. Wote wawili wako sahihi, ila kila mmoja anahesabu kitu chake. Mtu anahesabu herufi, na kanzidata inahesabu baiti.

Baiti ni kijisanduku kimoja cha kumbukumbu kinachobeba namba kuanzia 0 hadi 255. Kompyuta haihifadhi herufi, inahifadhi namba zinazosimama badala ya herufi. Kwa Kiswahili cha kila siku tofauti hii haionekani, kwa sababu herufi zetu zote, kuanzia a hadi z, kubwa na ndogo, pamoja na nukta, mkato na tarakimu, zina namba zilizo chini ya 128, na kila moja inakaa katika baiti moja. Kwa hiyo mtu anaweza kuandika Kiswahili miaka kumi akiamini kwamba herufi na baiti ni kitu kimoja. Ritifaa ndiyo inayomfumbua macho.

Ziko ritifaa tatu zinazofanana machoni. Ya kwanza ni ile iliyonyooka ya kwenye kibodi, ambayo ni baiti moja, namba 39. Ya pili ni ile iliyojikunja, ambayo programu za kuandikia na simu nyingi huiweka zenyewe badala ya ile uliyobonyeza, kwa sababu inapendeza zaidi kwenye ukurasa. Hiyo ni baiti tatu: 226, 128, 153. Ya tatu haijulikani sana. Ni ritifaa iliyotengwa kwa lugha ambazo alama hiyo ni sehemu ya herufi yenyewe, nayo ni baiti mbili: 202 na 188. Kwa maoni yangu ng’ yetu ilistahili hiyo ya tatu, kwa kuwa ritifaa ya ng’ombe haifanyi kazi ya alama ya uandishi, inafanya kazi ya herufi. Lakini kibodi hazitupi, na kinachoingia kwenye orodha zetu ni mchanganyiko wa ya kwanza na ya pili, kutegemea nani aliandika kwa kifaa gani. Hanang’ ya orodha yetu iliandikwa kwa ile iliyojikunja. Herufi 31 za kwanza ni baiti 31, ritifaa ni baiti 3, jumla 34.

Sasa msimamizi wa kazi amebanwa na muda. Anaamua kukata: lolote lililozidi baiti 32 liondolewe. Anaandika amri inayochukua baiti 32 za mwanzo na kuacha zilizobaki. Kisu kinashuka katikati ya ritifaa. Baiti ya 32, yenye namba 226, inabaki ndani, wenzake 128 na 153 wanatupwa nje.

Ile 226 iliyobaki peke yake haina maana yoyote. Si herufi pungufu ambayo msomaji anaweza kuikisia, kama vile nusu ya neno inavyokisika. Ni ahadi isiyotimizwa, na kila programu inaipokea kwa namna yake. Kivinjari kitaonyesha almasi nyeusi yenye alama ya kuuliza ndani yake. Kanzidata ya PostgreSQL itaikataa na kulalamika kwamba mfuatano wa baiti si halali. Programu iliyoandikwa kwa Python itasimama njiani na kusema:

```
UnicodeDecodeError: 'utf-8' codec can't decode byte 0xe2
in position 31: unexpected end of data
```

Ile `0xe2` ndiyo 226 yetu ikiandikwa kwa mtindo wa hesabu ya kumi na sita, na maneno ya mwisho yanasema kwamba data imeishia mahali isipotarajiwa. Mbaya zaidi ni mifumo inayopokea baiti hiyo bila kuikagua. Kosa linalala ndani, kisha linaamka miezi baadaye pale orodha inapohamishiwa mfumo mwingine, na anayelaumiwa ni yule anayehamisha.

Ili kuelewa jinsi ya kukata vizuri, inafaa kujua jinsi herufi hizi zilivyopangwa. Mpangilio unaotumika leo karibu kila mahali unaitwa UTF-8. Uliasisiwa Septemba 1992 na Ken Thompson na Rob Pike, wahandisi wa Maabara za Bell nchini Marekani, waliokuwa wakijenga mfumo wa kompyuta ulioitwa Plan 9. Jioni moja wakiwa mezani katika mkahawa huko New Jersey, Thompson alichora mpangilio huo kwenye kitandiko cha karatasi kinachowekwa chini ya sahani. Kulikuwa tayari na pendekezo lingine kutoka kwa kamati ya viwango, lakini lilikosa jambo moja walilolitaka sana: mtu akitumbukizwa popote katikati ya mtiririko wa baiti, aweze kujua mara moja herufi inaanzia wapi, bila kurudi mwanzo wa maandishi. Siku chache baadaye Plan 9 yote ilikuwa inatumia mpangilio wao.

Wazo lenyewe linafanana na treni. Kila herufi yenye baiti zaidi ya moja ina kichwa na mabehewa. Kichwa kinatangaza urefu wa treni: namba kuanzia 194 hadi 223 ni kichwa kinachovuta behewa moja, kuanzia 224 hadi 239 kinavuta mabehewa mawili, na kuanzia 240 hadi 244 kinavuta matatu, ambayo ndiyo mengi kabisa yanayoruhusiwa. Mabehewa yote yana namba kati ya 128 na 191, na hakuna kichwa chenye namba ya eneo hilo. Herufi za kawaida kama a na b ziko chini ya 128, nazo ni kama garimoshi la behewa lisilohitaji kichwa: kila moja inatembea peke yake.

Angalia tena ritifaa yetu. 226 ni kichwa cha mabehewa mawili. 128 ni behewa. 153 ni behewa. Mtu akikufumba macho, akakuweka mbele ya baiti moja tu na kukuambia namba yake, utajua kama umesimama mbele ya kichwa, behewa, au herufi inayojitegemea. Ukiwa mbele ya behewa, rudi nyuma hatua moja, mbili, au tatu kwa wingi, utakutana na kichwa. Mipangilio mingine ya zamani haikuwa na hisani hiyo. Katika ule uliotumika sana Japani, uitwao Shift-JIS, baiti ya pili ya herufi inaweza kuwa na namba ileile ya herufi ya kawaida ya Kilatini, hivyo mkataji anayetaka uhakika hulazimika kusoma kutoka mwanzo wa maandishi.

Kutokana na mpangilio huu, kanuni ya kukata inakuwa fupi. Nenda hadi kwenye kikomo. Itazame baiti ya kwanza itakayoachwa nje. Kama ni behewa, maana yake kisu kimeangukia katikati ya treni, kwa hiyo rudi nyuma baiti moja na uulize tena. Ukifika mahali ambapo baiti ya kwanza ya nje si behewa, hapo ni mpaka wa herufi. Kata.

Kwa Python inaandikwa hivi:

```python
def kata(matini, kikomo):
    b = matini.encode("utf-8")
    if len(b) <= kikomo:
        return matini
    n = kikomo
    while n > 0 and 128 <= b[n] <= 191:
        n = n - 1
    return b[:n].decode("utf-8")
```

Mstari wa kwanza wa kazi unageuza matini kuwa baiti. Unaofuata unauliza kama kuna haja ya kukata, kwa sababu jina lililotoshea lisiguswe. Kisha `n` inawekwa kwenye kikomo na kurudishwa nyuma kila inapokuta behewa. Kumbuka kwamba Python inaanza kuhesabu kutoka sifuri, hivyo `b[32]` ni baiti ya 33, yaani ya kwanza kuachwa nje kikomo kikiwa 32.

Tulipeleke jina letu. Kikomo ni 32. `b[32]` ni 128, behewa, kwa hiyo `n` inakuwa 31. `b[31]` ni 226, kichwa, si behewa, basi tunasimama. Tunachukua baiti 31 na kupata Halmashauri ya Wilaya ya Hanang, bila ritifaa. Tumepoteza alama moja, na tumepoteza pia nafasi moja ambayo ilikuwa halali yetu, kwa kuwa kikomo kiliruhusu 32. Hakuna njia ya kuikwepa hasara hiyo: treni ya baiti tatu haiingii katika nafasi ya moja. Ukijaribu kikomo cha 33, `b[33]` ni 153, unarudi hadi 128, unarudi hadi 226, unapata jibu lilelile la 31. Kwa kikomo cha 34 jina zima linapita bila kuguswa.

Kosa ninaloliona mara nyingi katika kazi za watu ni kutazama upande usio sahihi wa kisu. Mtu anaitazama baiti ya mwisho iliyobaki ndani, anaona ni behewa, anahofia, anaanza kufuta nyuma. Tuseme jina lilikuwa Halmashauri ya Wilaya ya Hanang’, Manyara, na kikomo ni 34. Baiti ya mwisho ndani ni 153, behewa. Lakini treni yake imetimia: kichwa kimo, mabehewa yote mawili yamo. Anayefuta kwa hofu atakuwa ameua herufi nzima isiyo na hatia. Baiti ya mwisho ya ndani, ikiwa peke yake, haiwezi kukuambia kama treni imekamilika. Baiti ya kwanza ya nje inaweza: ikiwa ni mkato, kama hapa, hakuna behewa lililoachwa nyuma.

Kuna njia ya mkato ambayo wengi huipenda, nayo ni kukata kwa nguvu kisha kuiagiza Python isome kwa `errors="ignore"`, yaani ipuuze baiti zisizoeleweka. Kwa jina moja safi itatoa jibu sahihi. Tatizo ni kwamba agizo hilo halipuuzi mkia peke yake, linapuuza ubovu wowote ndani ya maandishi yote. Kama jina lilifika tayari limeharibika katikati, lingepaswa kusimamisha kazi ili mtu alitazame. Kwa agizo hilo linapita kimya, likiwa limepungua herufi.

Ndugu yake, `errors="replace"`, ana mtego wa kuchekesha kama si kukasirisha. Anaweka ile almasi yenye alama ya kuuliza mahali pa baiti iliyovunjika. Lakini almasi hiyo nayo ni herufi ya UTF-8, yenye baiti tatu: 239, 191, 189. Chukua baiti 32 zetu zilizokatwa vibaya, ondoa ile 226 pekee, weka almasi: 31 na 3 ni 34. Umekata ili upate 32 na umerudi palepale ulipoanza, kwa ujumbe uleule wa Oracle. Hivyo hivyo kwa anayependa kuweka nukta tatu mwishoni kuonyesha kwamba jina limefupishwa. Alama moja ya nukta tatu, ile inayoandikwa kama herufi moja, ni baiti tatu. Atakayeitumia aitengee nafasi kwanza: akate kwenye 29, ndipo aiongeze.

Kanuni ya kichwa na mabehewa inalinda baiti za herufi moja. Hailindi kila kitu ambacho jicho la msomaji linakiona kama herufi moja, na mfano mzuri uko jirani, Kenya. Jina la kaunti ya Mũrang’a, likiandikwa kwa tahajia ya Kikuyu, lina ũ yenye kiwimbi juu. Kwa kawaida ũ hiyo ni treni moja yenye baiti mbili, 197 na 169. Lakini kompyuta inaruhusu iandikwe pia kwa vipande viwili: u ya kawaida, halafu kiwimbi kama alama inayojitegemea ambayo hupanda juu ya herufi iliyotangulia. Kiwimbi hicho ni treni yake, baiti 204 na 131. Kwenye skrini huoni tofauti. Kisu kikishuka kati ya u na kiwimbi, kanuni yetu itaona mpaka halali, kwa sababu kila treni iko nzima, na itakata. Kinachobaki ni u, na kwa Kikuyu u na ũ ni irabu mbili tofauti. Hakuna almasi, hakuna ujumbe wa kosa, kuna neno jingine tu.

Dawa ya hali hii ni kuunganisha vipande kabla ya kukata. Python inayo tayari:

```python
import unicodedata
matini = unicodedata.normalize("NFC", matini)
```

Amri hiyo inageuza u na kiwimbi chake kuwa ũ moja pale ambapo herufi ya pamoja ipo. Haitoshi kwa Kiswahili cha hati za Kiarabu, kile cha tenzi za pwani, ambapo konsonanti ni herufi moja na irabu ni alama inayowekwa juu au chini yake, bila kuwepo herufi ya pamoja. Neno baba katika hati hiyo, likiandikwa be yenye fataha mara mbili, lina baiti nane, mbili kwa kila be na mbili kwa kila fataha. Likate kwenye sita na fataha ya mwisho inaanguka: msomaji hajui tena kama ni baba, babi au babu. Wala haisaidii kwa picha za bendera zinazotumwa kwenye simu. Bendera ya Tanzania imejengwa kwa alama mbili, moja ya T na moja ya Z, kila moja baiti nne, na ikikatwa katikati inabaki T iliyopweke. Kwa maandishi ya aina hiyo inabidi kutumia maktaba za programu zinazojua mipaka ya kile ambacho msomaji hukiona kama herufi moja, na kurudi nyuma hadi mpaka huo.

Atakayerithi kanzidata iliyokwisha kukatwa vibaya anaweza kutambua ugonjwa kwa dalili. Akiona ngâ€™ombe, hapo hakuna kilichokatwa: baiti zote tatu za ritifaa zipo, ila programu imezisoma kila moja kama herufi yake, kwa mpangilio wa zamani wa Kizungu. Ukisoma kwa UTF-8 neno linarudi zima. Akiona almasi, aangalie iko wapi. Almasi zilizo mwishoni tu mwa majina, na zote katika majina marefu yaliyofikia upana wa safu, ni alama za kisu. Baiti zilizotupwa hazirudi, itabidi kurudi kwenye orodha ya asili.

Na kabla ya kukata chochote ni haki kuuliza ni majina mangapi yanayozidi. Orodha ikishawekwa kwanza kwenye jedwali la muda lenye safu pana, Oracle hujibu kwa amri moja:

```sql
SELECT jina FROM orodha_ya_muda WHERE LENGTHB(jina) > 32;
```

`LENGTHB` inahesabu baiti, wakati `LENGTH` inahesabu herufi. Nikiona majina machache yakirudi, tena majina ya mahali ambayo wakazi wake wanajua jinsi yanavyoandikwa, mimi sikati. Upana wa 32 katika safu ile haukuwa amri ya mtu, ulikuwa kisio la mtu aliyedhani anahesabu herufi. PostgreSQL na MySQL zingemwelewa hivyo, kwa kuwa safu zao za aina hii huhesabu herufi. Oracle nayo inaweza, ila lazima iambiwe:

```sql
ALTER TABLE halmashauri MODIFY (jina VARCHAR2(32 CHAR));
```

Neno `CHAR` lililoongezwa linasema 32 ni za herufi. Endesha tena kazi ya kuingiza majina, na Hanang’ inaingia na ritifaa yake.